Kadi imefungwa kwa kukosea namba ya siri, mbona aplikesheni bado inaonyesha miamala inayosubiri?

Jumatatu moja asubuhi, nikiwa bado nafanya kazi kwenye dawati la kadi la benki moja hapa Dar es Salaam, alikuja mama mmoja mwalimu mstaafu akiwa ameshika simu mbele yake kama mtu aliyebeba ushahidi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaweka simu mezani.

"Mwanangu, kadi mliifunga Jumamosi. Leo Jumatatu hela imetoka. Sasa anayeila ni nani?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi, na wengi huwa wamekwisha kujijibu kwamba ni mwizi. Mara chache huwa kweli. Mara nyingi zaidi, fedha inayoonekana kutoka ilikwisha kuahidiwa na mwenye kadi mwenyewe siku kadhaa kabla ya kukosea namba ya siri, na kufungwa kwa kadi hakuwezi kuifuta ahadi hiyo. Nitaeleza inavyokwenda kwa kutumia akaunti ya mama huyu, kisha hatua za kufuata ili ujue kwa hakika kama uko salama au umeibiwa.

Malipo ya kadi hufanyika mara mbili

Ukigusisha au ukiingiza kadi kwenye mashine ya malipo dukani, fedha haihami palepale. Mashine hutuma ombi, ombi linapita kwenye mtandao wa Visa au Mastercard mpaka benki yako, na benki inajibu kwa sekunde chache: ndiyo au hapana. Ikijibu ndiyo, inatoa namba ya idhini yenye tarakimu au herufi 6, ambayo utaiona kwenye risiti, na wakati huohuo inashikilia kiasi hicho kwenye akaunti yako ili usikitumie mahali pengine. Hapo ndipo aplikesheni inapoandika `Pending`, au "Inasubiri" kama umeiweka kwa Kiswahili.

Sehemu ya pili huja baadaye. Mfanyabiashara hufunga hesabu za siku, mara nyingi jioni, na mashine yake hutuma orodha ya mauzo kwa benki yake. Benki hiyo huyapeleka madai kwenye mtandao, na mtandao huyafikisha kwa benki yako. Sasa ndipo fedha inakatwa kweli, na mstari wa `Pending` unageuka kuwa muamala wa kawaida kwenye taarifa ya akaunti. Kati ya sehemu ya kwanza na ya pili inaweza kupita siku moja, mbili, wakati mwingine zaidi, hasa ikiangukia wikiendi au sikukuu.

Namba ya siri inahusika na sehemu ya kwanza peke yake. Inamthibitisha mtu aliyesimama mbele ya mashine wakati wa kuomba idhini. Dai likija siku mbili baadaye halina namba ya siri ndani yake wala haliihitaji. Linakuja na namba ya idhini ambayo benki yako ilikwisha kuitoa. Ndiyo maana kufunga kadi ni sawa na kufunga mlango wa mbele wakati wageni uliowakaribisha wamekwisha kuingia sebuleni.

Kuna jambo moja la kutenganisha hapa. Kutoa fedha ATM kwa kawaida hakufuati mtindo huu wa hatua mbili. Ombi na makato huenda pamoja, kwa hiyo fedha ya ATM hukatwa mara moja. Ukiona muamala wa ATM unakaa kwenye `Pending` kwa siku nzima, hiyo ni dalili ya jambo jingine, nami nitaifikia chini.

Hatua ya kwanza: jua kilichofungwa ni nini

Watu husema "kadi imefungwa" wakimaanisha mambo matatu tofauti, na jibu lako linategemea ni lipi.

La kwanza ni kufungwa kwa namba ya siri. Benki nyingi huruhusu kukosea mara tatu. Kila ukikosea, benki inajibu mashine kwa msimbo `55`, yaani namba ya siri si sahihi. Ukizidisha, jibu linakuwa `75`, yaani umepita idadi ya majaribio. Ukiwa na risiti ya ATM iliyokataa, angalia kama msimbo huo umechapwa. Katika hali hii kadi yenyewe bado inaweza kuwa hai. Kwenye benki kadhaa, mtu aliyefungiwa namba ya siri bado anaweza kugusisha kadi kwa malipo madogo yasiyodai namba ya siri, na malipo ya mtandaoni yanaweza kuendelea kupita kwa sababu nayo hayaulizi namba ya siri ya kadi.

La pili ni kadi nzima kusimamishwa kwa muda, iwe umeisimamisha mwenyewe kwenye aplikesheni au benki imeisimamisha. Hapo kila ombi jipya hukataliwa, la ATM, la dukani na la mtandaoni.

La tatu ni kadi kufutwa kabisa, kama ilivyo kadi iliyoripotiwa kupotea au kuibiwa. Namba yake hairudi tena kazini.

Piga simu huduma kwa wateja na uulize swali hili hili, kwa maneno haya: "Kilichofungwa ni namba ya siri tu, au kadi nzima imesimamishwa?" Wengi hawaulizi. Wanalala wakiamini kadi imekufa, kumbe ni namba ya siri tu iliyofungwa na kadi imebaki wazi kwa malipo ya mtandaoni. Kama una shaka yoyote kwamba mtu mwingine ana kadi yako au namba zake, omba isimamishwe nzima siku hiyohiyo, usingoje kumaliza kusoma.

Mama mwalimu alikuwa amekosea mwenyewe. Mwezi uliopita alibadilisha namba ya siri, Jumamosi akiwa kwenye ATM vidole vikaenda kwenye ile ya zamani mara tatu. Kadi ilikuwa mkononi mwake muda wote. Hilo peke yake lilikuwa limeshapunguza sana uwezekano wa wizi, ingawa halikuumaliza.

Hatua ya pili: andika masalio mawili, si moja

Fungua akaunti kwenye aplikesheni na utafute masalio mawili. Moja ni salio la kitabuni, ambalo kwenye skrini huandikwa `Book Balance`, `Current Balance` au "Salio halisi" kulingana na benki. La pili ni salio linalopatikana, `Available Balance`. La kwanza linaonyesha fedha iliyomo baada ya makato yaliyokamilika. La pili ni hilohilo ukitoa kila kilichoshikiliwa. Baadhi ya aplikesheni huonyesha moja tu kwenye ukurasa wa kwanza. Bonyeza akaunti uingie ndani, la pili huwa limejificha huko.

Yaandike kwenye karatasi pamoja na saa, maana yatabadilika.

Hii ndiyo hesabu ya mama mwalimu. Jumatano iliyotangulia alifika hoteli moja Nairobi. Mapokezi waliomba kadi, wakashikilia shilingi 12,000 za Kenya: 9,600 za chumba cha usiku mmoja, na 2,400 za tahadhari kama angekula au kuvunja kitu. Kwa bei ya siku hiyo kwenye benki yetu, tuchukulie shilingi 1 ya Kenya kwa 20 za Tanzania, zilishikiliwa shilingi 240,000. Alhamisi akapanda basi kurudi. Ijumaa jioni, akiwa Dar, akanunua vitu vya nyumbani kwa shilingi 68,500 na kulipa kwa kadi hiyohiyo. Jumamosi ndipo akakosea namba ya siri akitaka kutoa 200,000.

Jumamosi usiku skrini yake ilisema hivi: salio la kitabuni 1,180,000, salio linalopatikana 871,500. Toa 871,500 kwenye 1,180,000, unapata 308,500. Jumlisha 240,000 za hoteli na 68,500 za dukani, unapata 308,500 hiyohiyo. Hesabu ilikuwa imefunga kabisa, na zile 200,000 alizoshindwa kuzitoa hazimo.

Kutokuwemo kwake kuna maana. Namba ya siri ikikosewa, benki haikubali ombi, kwa hiyo haishikilii chochote. Aplikesheni nyingine huonyesha majaribio yaliyokataliwa kwenye orodha ileile, kwa rangi ya kijivu au na neno `Declined`, na nyingine, kwa uzembe wa aliyeitengeneza, huyaweka kwa muda pamoja na yanayosubiri. Usiyahukumu kwa macho. Fanya kutoa kama nilivyofanya hapo juu. Kama tofauti ya masalio mawili haiwezi kubeba kiasi cha jaribio lililokataliwa, basi jaribio hilo halikushika hela yako hata kama mstari wake upo.

Hatua ya tatu: linganisha kila mstari na saa ya kufungwa

Tafuta meseji ya benki iliyokuambia namba ya siri imefungwa. Saa iliyo pale ndiyo mpaka wako. Kisha bonyeza kila mstari unaosubiri na usome tarehe na saa ya idhini.

Hapa watu hunaswa na tarehe mbili. Muamala wa kadi una siku ya idhini na siku ya kuingizwa kwenye hesabu. Wakati bado unasubiri, aplikesheni huonyesha ya kwanza. Ukikamilika, nyingi hubadilisha na kuonyesha ya pili. Ndilo lililomtokea mama mwalimu. Ijumaa aliuona mstari wa 68,500 wa tarehe ya Ijumaa. Jumatatu mstari ule ukatoweka na kukatokea mwingine wa 68,500 wenye tarehe ya Jumatatu, siku mbili baada ya kadi kufungwa. Mtu yeyote angeshtuka.

Nilimwonyesha masalio. La kitabuni lilikuwa limeshuka kutoka 1,180,000 hadi 1,111,500. Linalopatikana lilibaki 871,500 palepale. Kama mwizi angekuwa amenunua kitu Jumatatu, salio linalopatikana ndilo lingeshuka. Likibaki lilivyo huku la kitabuni likishuka, fedha iliyokuwa imeshikiliwa ndiyo imekamilika kukatwa. Sijui kipimo kingine rahisi kama hiki, na hakihitaji kumwuliza mtu.

Kwa hiyo mistari yako itagawanyika. Iliyoidhinishwa kabla ya kufungwa, ambayo unaitambua, iache iende. Iliyoidhinishwa kabla ya kufungwa lakini huitambui, angalia kwanza jina: hoteli na maduka hutokea kwa jina la kampuni inayomiliki, lisilofanana na bango la mlangoni, na malipo ya mtandaoni hubeba jina la wakala wa malipo. Tumia kiasi na saa kukumbuka ulikuwa wapi. Iliyoidhinishwa baada ya kufungwa ndiyo ya kuangaliwa kwa makini, na inastahili nafasi yake.

Idhini mpya baada ya kufungwa hutoka wapi

Si kila idhini ya baada ya kufungwa ni wizi. Ya kawaida kabisa nimeshaitaja: namba ya siri imefungwa, kadi iko hai, na malipo ya kila mwezi ya filamu, ya intaneti au ya kuhifadhi picha yamepita kama kawaida. Huko kampuni ina namba za kadi yako tangu siku uliyojiandikisha, na haiulizi namba ya siri.

Nyingine ni simu. Kama uliingiza kadi kwenye pochi ya simu, simu haitumii namba iliyochapwa kwenye kadi bali namba mbadala iliyotengenezwa kwa ajili yake, na uthibitisho wake ni alama ya kidole au uso. Namba ya siri ya kadi haimo kwenye mnyororo huo. Simu ya mtoto uliyomwekea kadi yako ili anunue michezo imo kwenye kundi hili, na nimeona ugomvi wa familia ukianzia hapo.

Ya tatu ni adimu zaidi. Mfumo wa benki yako unapokuwa haupatikani, mtandao wa kadi unaweza kuidhinisha kwa niaba ya benki kwa mipaka waliyokubaliana. Na kuna mashine, kama zile za ndani ya ndege, zinazopokea kadi bila mawasiliano na kutuma muamala baadaye. Katika hali zote mbili benki yako inaletewa habari ya jambo lililokwisha kutokea.

Ukiondoa hizo zote, mstari uliobaki, wenye saa ya baada ya kufungwa, usioutambua wewe wala mtu wa nyumbani kwako, na uliopunguza salio linalopatikana, uchukulie kuwa ni wizi. Usisubiri uishe kukaa `Pending`. Piga simu, omba kadi ifutwe kabisa na si kusimamishwa, na upewe namba ya lalamiko.

Hatua ya nne: subiri muda gani, na uanze kusumbuka lini

Manunuzi ya dukani humalizika kwa siku chache tu za kazi. Ikifika wiki na mstari bado upo, uliza.

Hoteli, kampuni za kukodisha magari na pampu za mafuta za kujihudumia za Ulaya na Marekani zina utaratibu wao, kwa sababu huomba idhini kabla ya kujua utatumia kiasi gani. Kwa kanuni za Mastercard, idhini ya awali ya namna hiyo inaweza kudumu siku 30, wakati idhini ya mwisho ya manunuzi ya kawaida hudumu siku 7. Benki yako inaweza kuachia mapema zaidi kwa sera yake. Kwa hiyo jirani yako mwenye kadi ya benki nyingine anaweza kurudishiwa amana ya hoteli siku ya tano, wewe ukangoja wiki tatu, na wote wawili mko sawa.

Dai la hoteli ya mama mwalimu lilifika Jumatano. Alikuwa hajavunja kitu, hivyo hoteli ilidai 9,600 tu. Lakini bei ya kubadilisha fedha haikuwa ya siku ile ya idhini. Ilitumika ya siku ya dai, tuchukulie 20.3, ikawa shilingi 194,880. Kilichoshikiliwa kilikuwa 240,000. Salio la kitabuni likashuka kutoka 1,111,500 hadi 916,620, zuio likaachiwa, na salio linalopatikana likapanda kutoka 871,500 hadi 916,620. Masalio mawili yakawa sawa, maana yake hakuna kilichobaki kimeshikiliwa.

Ingeweza kwenda vibaya. Mfumo wa benki hulinganisha dai na zuio kwa namba ya idhini, kiasi na jina la mfanyabiashara. Hoteli ikituma dai bila namba ile ya idhini, au ikiomba idhini mpya ya 9,600 wakati wa kuondoka badala ya kutumia ya kwanza, mfumo unaweza kushindwa kuviunganisha. Hapo dai linakatwa na zuio la zamani linabaki. Mama angeona la kitabuni 916,620 na linalopatikana 676,620. Angesema amekatwa mara mbili, na karani asiye makini angemjibu kwamba hajakatwa mara mbili. Wote wawili wangekuwa wanasema kweli kwa namna yao: amekatwa mara moja, na 240,000 nyingine imefungiwa bila sababu.

Utajuaje ni lipi? Angalia salio la kitabuni. Kama lilishuka mara moja, ni zuio lililobaki, na litaachiwa. Kama lilishuka mara mbili kwa kiasi kilekile, ni makato mawili, na hayo hayataondoka yenyewe.

Hatua ya tano: kuachia fedha iliyobaki imeshikiliwa

Watu hukimbilia benki kuomba zuio liondolewe, na benki husita. Si ukaidi. Benki imempa mfanyabiashara namba ya idhini, yaani imeahidi kulipa. Ikiachia fedha leo na wewe ukaitumia, dai likija kesho itabidi ilipe hata akaunti ikiwa tupu, na akaunti yako itaingia kwenye hasi.

Anza na mfanyabiashara. Mwombe atume muamala wa kubatilisha idhini. Asikwambie tu kwamba "sisi hatujachukua hela," kwa sababu hiyo ni kweli na haikusaidii: hajachukua, lakini hajaachia pia. Mpe namba ya idhini ya tarakimu 6, tarehe na kiasi. Akibatilisha, ujumbe wake unafuata njia ileile mpaka benki yako na zuio linaondoka, mara nyingi siku hiyohiyo.

Akishindwa kutuma, mwombe aandike barua pepe au barua yenye nembo inayosema idhini namba fulani haitadaiwa. Barua hiyo ndiyo inayompa ofisa wa benki ujasiri wa kuachia kwa mkono. Nimewahi kuona zuio lililogoma wiki mbili likaachiwa kwa dakika kumi baada ya barua ya mistari mitatu.

Fika tawini na namba mbili zilizomo kwenye risiti: ile ya idhini, na namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 12, ambayo huandikwa `RRN`. Ukiwa nazo, ofisa anauona muamala mmoja kati ya maelfu. Ukiwa na "kiasi tu na siku", mtakaa hapo.

ATM inayosubiri

Nilisema nitairudia. Tuseme ulikosea mara mbili, ya tatu ukapatia, mashine ikahesabu noti kwa sauti kisha ikasema haiwezi kuendelea. Au ilitoa kadi, haikutoa fedha. Namba ya siri ilikuwa sahihi, benki ikaidhinisha, fedha ikakatwa, ila mashine haikutoa. Mashine inapaswa kutuma ujumbe wa kurudisha, na mara nyingi fedha hurudi baada ya dakika au saa chache. Mtandao ukikatika katikati, ujumbe haufiki.

Kwa kuwa mtu huwa amechanganyikiwa, hujaribu tena, hukosea, na namba ya siri hufungwa. Kisha huamini kwamba makato yametokana na kufungwa. Soma saa za meseji kwa mpangilio: kama meseji ya makato ilitangulia ya kufungwa, hilo ni lalamiko la ATM na halihusiani na namba ya siri.

Peleka lalamiko kwa benki iliyokupa kadi, hata kama mashine ni ya benki nyingine. Mwenye mashine hana akaunti yako. Taja mahali ilipo mashine, saa, kiasi, na namba ya mashine ikiwa imechapwa kwenye risiti. Watahesabu fedha iliyomo na kulinganisha na kumbukumbu za ndani za mashine. Ziada ikionekana, fedha yako inarudi. Benki yako ikikaa kimya au ikakujibu usivyoridhika, hatua inayofuata kwa Tanzania ni Benki Kuu ya Tanzania, na kwa Kenya ni Benki Kuu ya Kenya, lakini wote watakuuliza kwanza namba ya lalamiko ulilolifikisha kwa benki yako.

Kufungua, au kubadilisha kadi, wakati miamala bado inasubiri

Huhitaji kungoja mistari iishe ndipo ufungue namba ya siri. Kufungua hakuiharakishi wala kuizuia. Kwenye benki nyingine idadi ya majaribio hurudi sifuri siku inayofuata, nyingine hutaka uombe kwenye aplikesheni au tawini. Angalizo moja tu: kadi zenye chipu zinaweza kuwa na hesabu yake nyingine ya majaribio ndani ya chipu yenyewe. Ikiwa umefunguliwa na benki lakini mashine ya dukani bado inakataa, ingiza kadi kwenye ATM ya benki yako na uulize salio kwa namba sahihi. Hapo benki inapata nafasi ya kutuma amri ya kufungua chipu. Kugusisha hakutoshi.

Ukipewa kadi mpya, usidhani mazuio yatabaki kwenye ile ya zamani. Yameshikamana na akaunti. Hoteli ikileta dai kwa namba ya kadi iliyofutwa, benki inajua ilikuwa ya nani na italikata. Vivyo hivyo ukirudishiwa fedha na duka: inarudi kwa namba ya zamani na kuingia kwenye akaunti yako ileile. Kitakachovunjika ni malipo ya kila mwezi, na hata hayo si yote, maana mitandao ya kadi ina huduma ya kuwapelekea wafanyabiashara namba mpya. Kama unataka kuachana na kampuni fulani, futa usajili kwao.

Na kama mstari ni wa wizi, jua kwamba benki nyingi haziwezi kufungua madai rasmi ya kurudishiwa mpaka muamala umalizike kutoka kwenye `Pending`. Ripoti siku ileile hata hivyo, ili tarehe ya ripoti iwe kabla ya makato, kisha rudi ukamilishe fomu makato yakishaingia. Kwa madai mengi ya namna hii Visa na Mastercard huweka ukomo wa siku 120, lakini fomu ya benki yako inaweza kudai uwahi zaidi, na ndiyo inayokubana.

Mama mwalimu hakuhitaji fomu yoyote. Nilimwandikia kwenye karatasi masalio manne, ya Jumamosi na ya Jumatatu, nikachora mstari chini ya 871,500 mbili zilizofanana. Akaitazama kwa muda, akaikunja karatasi akaitia kwenye pochi, kisha akaniuliza kama ninaweza kumsaidia kuchagua namba ya siri ambayo hataisahau. Nikamwambia hiyo ndiyo huduma pekee nisiyoruhusiwa kumpa.